Linki ya kubadili nenosiri inakufa kabla mwenyewe hajaibonyeza

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Kigoma mjini, nimetengeneza mfumo wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Mwanachama akisahau nenosiri anatumiwa linki kwa barua pepe, ya kutumika mara moja tu, na inaisha baada ya dakika 30. Wengi wanalalamika kwamba wanaambiwa "imeshatumika" wakati hata hawajaitumia. La pili, nimeshauriwa niondoe ujumbe wa "barua pepe hii haipo", lakini nikiuondoa watu watakaa wanasubiri barua isiyokuja. Nifanyeje?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Nianze na linki. Dalili unazozieleza zinaonyesha kwamba mfumo wako unaihesabu tokeni kuwa imetumika pale ukurasa unapofunguliwa, badala ya pale nenosiri jipya linapohifadhiwa. Shida ni kwamba linki hufunguliwa na vitu vingi kabla ya mwenye nayo kuigusa.

Chukua mama anayeuza dagaa Kibirizi ambaye hana barua pepe, akasajiliwa kwa barua pepe ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Kijana akipata linki anaibandika kwenye WhatsApp amtumie mama. Pale pale simu yake inaufungua ukurasa wako kimyakimya ili itengeneze kile kipande cha picha na kichwa cha habari kinachokaa juu ya linki. Seva yako imepokea ombi la GET, ikafunga hesabu. Mama anabonyeza, anaambiwa imeshatumika. Ndivyo inavyotokea pia kwa mwanachama anayetumia barua pepe ya ofisini, ambako kuna kichujio cha usalama kinachofungua kila linki kuikagua. Na aliyeko Kalya mtandao ukamkatikia ukurasa ukiwa nusu, akiufungua upya ni kama amekuja mara ya pili.

Kuthibitisha, fungua logi ya seva utafute tokeni moja ya mtu aliyelalamika. Utaona kitu cha namna hii:

```
10:14:41 GET /badili?t=9fK2... 200 "WhatsApp/2..."
10:16:08 GET /badili?t=9fK2... 410 "Mozilla/5.0 (Linux; Android..."
```

Wa kwanza si mama. Mama ni huyo wa pili.

Dawa yake ni kwamba GET ionyeshe fomu tu, isibadilishe chochote kwenye hifadhidata. Inaruhusiwa kuangalia kama tokeni ni hai, ili mtu asijaze fomu bure, lakini iishie hapo. Tokeni itumike kwenye POST, mwanachama anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kabla ya hapo kagua kwanza kama nenosiri jipya linafaa, maana ukiizima tokeni halafu ukamwambia "nenosiri ni fupi mno", umemfungia mlango akiwa nje. Likishafaa, zima tokeni kwa amri moja:

```sql
UPDATE reset_tokens
SET used_at = now()
WHERE token_hash = $1
  AND used_at IS NULL
  AND expires_at > now()
RETURNING user_id;
```

Ikirudisha mstari mmoja, endelea. Isiporudisha kitu, kataa. Usianze na `SELECT` ya kuangalia halafu `UPDATE` ikafuata peke yake, kwa sababu maombi mawili yakifika kwa pamoja yote yataona tokeni ni hai na yote yatapita. Hapa hifadhidata yenyewe inaamua nani wa kwanza. Amri hii, kuandika nenosiri jipya, kufuta tokeni nyingine za mtu huyo na kumtoa kwenye simu zote alizokuwa ameingia, viwe ndani ya muamala mmoja, ili kimoja kikishindwa vyote virudi nyuma.

Muda wa mwisho nao uhesabiwe na hifadhidata hiyo hiyo: tumia safu ya aina ya `timestamptz` na uandike `now() + interval '30 minutes'` wakati wa kutengeneza tokeni. Programu ikiandika saa ya Kigoma bila kutaja ukanda wa saa, na hifadhidata iko kwenye UTC, linki ya dakika 30 itaishi saa tatu na nusu, na hakuna mwanachama atakayekuja kulalamikia hilo.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulisahau wakisharekebisha. Zamani tokeni iliyoonekana kwenye logi ilikuwa imeshakufa. Kuanzia sasa itakuwa hai mpaka POST ifanyike, kwa hiyo yeyote anayesoma logi anaweza kubadili nenosiri la mtu. Iambie seva isiandike sehemu inayoanzia `?` kwenye anwani hiyo, na ukurasa wa fomu uutumie na `Referrer-Policy: no-referrer` ili tokeni isivuje kwenda tovuti nyingine. Kwenye hifadhidata weka SHA-256 ya tokeni tu. Kama tokeni ni baiti 32 zilizotoka kwenye kizalishi cha nasibu cha kiusalama, hiyo inatosha.

Kuhusu ujumbe, aliyekushauri yuko sahihi. Mwizi mwenye orodha ya barua pepe atazijaribu moja moja, na kila asipoambiwa "haipo" amejua huyu ana akiba kwenu. Jibu liwe moja kwa wote:

"Ombi lako limepokelewa. Kama anwani hii imesajiliwa, utapata maelekezo ndani ya dakika chache. Angalia pia kwenye folda ya spam."

Lakini maneno kufanana hayatoshi. Kama seva inatuma barua papo hapo, anwani iliyosajiliwa itachukua sekunde mbili tatu na isiyosajiliwa itajibu mara moja, na tofauti hiyo inapimika. Weka ombi kwenye foleni, jibu, kisha kazi ya kutafuta mwanachama na kutuma barua ifanyike nyuma. Na namba ya hali iwe `200` kwa wote. Kagua pia ukurasa wa kuingia na wa kujisajili, maana mara nyingi siri iliyofichwa huku inasemwa kule.

Na hao wanaosubiri barua isiyokuja? Watumie barua. Anwani isipokuwa kwenye mfumo, itumie ujumbe mfupi: "Kuna aliyeomba kubadili nenosiri kwa anwani hii, lakini haijasajiliwa kwetu. Kama ni wewe, jaribu anwani nyingine au fika ofisini." Mwenye sanduku hilo peke yake ndiye atakayeusoma, mwizi hapati kitu. Weka kikomo, tuseme barua tatu kwa saa kwa kila anwani, watu wasitumie mfumo wako kusumbua wengine. Atakayevuka kikomo apate jibu lile lile la mwanzo.

Kwenye ukurasa wa linki, tokeni iwe imeisha, imetumika au haijulikani, mimi ningesema kitu kimoja: "Linki hii haifanyi kazi tena. Omba mpya hapa." Tofauti hizo hazimsaidii mama, anachohitaji ni kitufe. Sababu yenyewe iandike kwenye logi pamoja na namba ya ombi, ili akipiga simu ofisini umjibu.

Ukimaliza, bandika linki mpya WhatsApp uone kama bado inafanya kazi. Kisha chukua tokeni moja hai, tuma POST mbili kwa wakati mmoja zenye manenosiri tofauti. Moja ipite, nyingine ikataliwe. Zikipita zote mbili, bado una `SELECT` mahali fulani inayoamua badala ya ile `UPDATE`.