Tathlitha ndefu: hesabu vina vyako kabla hujaandika ubeti wa kwanza

Wanaonitumia tathlitha zao kwenye grupu letu la wasapu hapa Mwanza, wengi beti tatu za mwanzo zinakuwa tamu kabisa, ukifika ubeti wa sita hivi unaanza kuona kina kinalegea, mara -ka imekuwa -ga, mara neno limerudiwa, mara limebandikwa neno ambalo halina kazi yoyote pale isipokuwa kuziba pengo. Na mtu anadhani kaishiwa mawazo. Hapana, kaishiwa maneno, na hilo linajulikana mapema kabisa ukikaa chini ukapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tathlitha ina mishororo mitatu kila ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, yaani ukwapi mizani 8 na utao mizani 8. Kina cha kati kinakaa mwisho wa ukwapi, cha mwisho kinakaa mwisho wa utao. Sasa ukitaka shairi lako liwe mtiririko, vina vilevile kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, beti kumi zinakudai maneno 30 ya kati na 30 ya mwisho. Ukichagua ukara, ule wa kina kimoja kubaki na kingine kubadilika kila ubeti, deni la maneno 30 linabaki upande mmoja tu na ule mwingine unatafuta matatu matatu. Kwa hiyo chagua mwanzoni, usianze mtiririko halafu ubeti wa saba ukahamia ukara kwa sababu umebanwa, msomaji anasikia mlio umekatika hata kama hajui jina la kilichotokea.

Mi nafanya hivi: nafungua noti kwenye simu naandika kina juu halafu namwaga maneno chini yake, bila kufikiria shairi kwanza. Nikitaka 30 natafuta 60, manake nusu hayataingia kwenye mada. Kama kina chako hakifiki hata 40 achana nacho. Jaribu -dhi uone, utapata hadhi, radhi, ardhi, kadhi, maradhi, baadhi, hifadhi, na hapo kijasho kimeshaanza. Jaribu -ka: baraka, haraka, mashaka, mipaka, sadaka, mwaka, nyoka, shoka, halafu vitenzi ndo havina mwisho, fika, pika, weka, cheka, anuka, vunjika, kauka. Hiyo ni ghala.

Na hapo kwenye -dhi ndo watu wa huku kwetu tunatakiwa kuwa makini zaidi. Wengi tunatamka dh kama z, kwa hiyo "hadhi" na "kazi" mdomoni zinalingana kabisa, kwenye karatasi haziko pamoja. Ni hivyohivyo l na r, Kisukuma hakina r na tuliokulia nacho tunaweza kuweka "mahala" na "hasara" kwenye ubeti mmoja tukasikia raha tu. Kina ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti na irabu yake, kwa hiyo "shida" haiendi na "panda" pia, ile ni -da na hii ni -nda. Kila neno ulilo na shaka nalo lifungulie kamusi uone linavyoandikwa, sikio peke yake halitoshi.

Sasa tuone kazi yenyewe. Kijana mmoja wa Igombe alileta tathlitha ya wavuvi wa dagaa, kina cha kati -ni na cha mwisho -ka, ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Mbalamwezi i angani, nuru yake yamulika
Mitumbwi i ufukoni, taa zote zazimika
Dagaa wamo majini, wavuvi twapumzika

Mizani iko sawa, ihesabu (kumbuka "pumzika" ni pu-m-zi-ka, ile m inasimama peke yake). Vina viko sawa. Lakini tazama vina vya kati: angani, ufukoni, majini. Vyote ni nomino imebandikwa -ni ya mahali. Ukianza hivi utamaliza hivi, beti kumi za ziwani, sokoni, nyumbani, kijijini, na msomaji akishagundua huo mchezo kina hakimshtui tena. -ni ina maneno mengine kibao ambayo si mahali, thamani, amani, jirani, yakini, makini, jamani, nini. Tukakubaliana kila ubeti usizidi maneno mawili ya mahali, mshororo wa pili ukawa:

Karabai masikini, zimekosa pa kuwaka

Na umeona, ule utafutaji wa -ni isiyo ya mahali ndio uliomletea picha ya karabai kuonewa huruma, asingeifikia kwa "ufukoni".

Ubeti wa pili alikwama kwenye utao mmoja, "Dagaa wapo kinani, nawaambia hakika". Hili "nawaambia hakika" ni ile spea ya kuziba pengo, kila mtunzi anayo, wengine "kweli nakwambia", wengine "sikia ndugu yangu". Namna ya kuijua ni rahisi, ifute usome tena, kama maana haijapungua basi haikuwa na kazi. Nikamuuliza, kwani mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanafanyaje? Akasema si mwanga unakuwa umetapakaa ziwa zima, hawaji tena kukusanyika kwenye taa. Basi jibu si hilo hapo limeisha na -ka:

Taa haina thamani, mwezi ukishainuka
Dagaa wapo kinani, wote wametawanyika
Tusubirini jamani, giza laja na baraka

Angalia pia "baraka". Ubeti wa kwanza aliupitisha wote kwa vitenzi, huu wa pili ndo katoa nomino moja. Hiyo ndo namna ya kutunza ghala, vitenzi vya -ka vitakuwepo tu, nomino ni chache, zigawe moja moja usije ukamaliza baraka na mashaka na sadaka beti mbili za mwanzo. Na neno likishatumika mi silirudishi mpaka zipite beti tano hivi, labda liwe na maana nyingine kabisa, kama paka wa nyumbani na paka rangi, hapo ruksa na inapendeza.

Wengine wanaponea kwenye kibwagizo, mshororo wa tatu ule ule kila ubeti, na kweli deni linashuka, beti kumi maneno 21 kila upande badala ya 30. Mi kwenye tathlitha sikipendi sana, kwenye tarbia kibwagizo kinakula robo ya shairi ila huku kinakula theluthi nzima, unabaki na mishororo miwili tu ya kusema jambo jipya. Kama shairi ni la kuimbwa sawa, kiweke.

Ukimaliza beti zote, chukua karatasi nyingine uandike vina peke yake, vya kati mstari mmoja kwenda chini, vya mwisho mstari wa pili, ubeti kwa ubeti. Pitisha kidole. Neno lililorudiwa litaonekana, -la iliyojificha kwenye -ra itaonekana, na sehemu ambayo maneno ya mahali yamepangana matano mfululizo nayo itaonekana. Rekebisha hapo kwenye ile listi kwanza, ukishapata neno jipya ndo urudi kwenye mshororo uujenge upya kulifuata lile neno, ukihesabu mizani tena mpaka 16, kwa sababu ukibadilisha neno la mwisho peke yake karibu kila mara mizani itapungua au itazidi.