Kutoa wimbo wa spika ya jirani kwenye klipu ya mahojiano

"Wakuu, nimerekodi mahojiano sokoni, nyuma kuna jamaa kafungulia bongo fleva. Nimepandisha YouTube, wimbo umedaiwa hakimiliki. Naweza kuutoa nikabaki na maneno ya mtu, halafu niweke muziki halali?"

Mkuu, inawezekana, ila kuna sehemu moja inawaponza wengi. Mimi ilinikuta Agosti, msimu wa zabibu. Nilikuwa namhoji mama mmoja anayeleta zabibu Soko la Majengo, Dodoma, kutoka Hombolo. Klipu dakika 6, na kuanzia dakika ya kwanza hadi ya nne jirani yake muuza simu alikuwa kaachia spika. Kwa masikio yangu wimbo ulikuwa mbali. Content ID, mfumo wa YouTube wa kusaka nyimbo zenye hakimiliki, ikaukamata hivyo hivyo.

Kwanza usihangaike kuongeza muziki mwingine juu ili kuuficha. Nilijaribu. Dai lilibaki palepale, na nyimbo mbili zikawa zinagombana kama daladala mbili zinazogombea abiria mmoja.

Kama video iko hewani tayari, anza na njia rahisi. Ndani ya YouTube Studio fungua maelezo ya dai, kisha kwenye hatua unazopewa chagua `Erase song`. Inajaribu kuondoa wimbo uliodaiwa na kuacha maneno, na linki yako na watazamaji wako vinabaki. Ikifaulu, dai linaondoka. Kwangu ilishindwa, maana mama na mwimbaji walikuwa wanaingiliana.

Nikarudi kwenye faili la mwanzo. Nilichomoa sauti kwenye video, nikaipitisha kwenye programu ya bure inayoitwa Demucs:

```
ffmpeg -i mama.mp4 -vn -ar 44100 mama.wav
demucs --two-stems=vocals mama.wav
```

Laptopu yangu ni ya kawaida, ilikula muda mrefu kuliko klipu yenyewe. Mwisho unapata mafaili mawili: `vocals.wav` na `no_vocals.wav`. La kwanza ndilo unalolitaka.

Sasa hapa ndipo pa kuteleza. Programu hii inatenganisha sauti ya binadamu na vyombo. Haijui yupi ni mama unayemhoji na yupi ni mwimbaji. Ngoma, besi na kinanda vitaondoka vizuri kabisa, lakini mwimbaji anabaki ndani ya `vocals.wav` pamoja na mama. Ukisikiliza kwa spika ya simu hutamsikia. Vaa hedifoni, usikilize pale mama anapovuta pumzi kati ya sentensi: mimi nilimsikia jamaa anaimba kama mtu aliyeko chini ya kisima. Kipande kama hicho kinaweza kukurudishia dai.

Nilichofanya ni kupita dakika zile tatu sentensi kwa sentensi. Kila mara mama aliponyamaza nikakata, mwimbaji akaondoka. Usiache shimo la kimya kabisa, sikio linalishtukia. Nilikuwa na sekunde 40 za kelele za soko nilizorekodi asubuhi kabla spika haijawashwa, nikazitandaza chini ya mahojiano yote. Zikaziba mashimo, na zikapunguza ile sauti ya kimajimaji ambayo Demucs huacha kwenye maneno.

Pale mwimbaji alipoingia katikati ya neno hakuna dawa. Zilikuwa sentensi mbili. Nilimpigia mama simu, nikamfuata kesho yake, akazirudia. Juu ya sentensi hizo nikaweka picha za makreti ya zabibu ili midomo isionekane.

Muziki mpya uweke mwisho kabisa. Mimi huchukua Audio Library ya YouTube Studio, na hushusha hadi kama desibeli 20 chini ya maneno. Angalia leseni ya kila wimbo: zenye alama ya Creative Commons zinataka umtaje mwenye wimbo kwenye maelezo ya video. Ukichukua kwingine, wimbo ulioandikwa `NC` usiuguse kwa kazi ya kulipwa. Ulioandikwa `ND` usiuguse kabisa, kwa sababu kuupachika muziki kwenye picha kunahesabika kuwa umeubadilisha.

Na "bure" ya mtandaoni isikudanganye. Kuna wimbo nilioununua kihalali kwenye maktaba moja, ukadaiwa hata hivyo. Sikuogopa, kwa kuwa dai la Content ID si onyo dhidi ya chaneli. Nilikuwa nimehifadhi risiti na cheti cha leseni kwenye folda ileile ya video, nikapinga dai nikinukuu leseni. Mdai hupewa siku 30 kujibu. Aliliachia kabla hazijaisha.

Siku hizi napandisha kwanza kama `Private`, nasubiri hatua ya `Checks` imalize. Ya mama wa Hombolo ilipita mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesahau pumzi moja pale dakika ya tatu.