Ukipeleka logo kwa wanunuaji, usiwaulize kama ni nzuri

Nyie mnaoanza dizaini, hasa mnaotengenezea logo biashara ndogo, leo niongelee kupima logo kabla mwenye biashara hajaprinti mifuko elfu kadhaa, maana ikishaprintiwa ndo basi tena.

Nichukue kazi moja ya unga wa uji wa lishe. Dizaini zilikuwa tatu: jani la kijani ndani ya duara, bakuli linalotoa mvuke, na ya tatu jina tu kwa herufi nene. Mwenye biashara alishaipenda ya jani, na ofisini akishasema "hii ndo yenyewe" wote wanaitikia. Sio kwamba wanadanganya. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Solomon Asch, miaka ya 1950 kule Marekani, aliwaonyesha watu mistari wataje upi una urefu sawa na wa mfano, jibu liko wazi kabisa, lakini wenzao waliopangwa wakitaja mstari wa uongo kwa pamoja, wengi wao kuna mahali walifuata uongo ule. Wakiruhusiwa kuandika jibu pembeni bila kusema kwa sauti, kufuata mkumbo kulipungua sana. Sasa kama mstari tu unawashinda, logo ya bosi je?

Kwa hiyo tulitoka ofisini tukaenda madukani, kwa wamama wanaonunua unga wa watoto, sio marafiki zetu na sio madizaina wenzetu. Mmoja mmoja, usiwakusanye, ukiwaweka watano pamoja utapata jibu la yule anayeongea sana tu. Logo printi kwa saizi itakayotumika, bandika kwenye mfuko halisi wa kilo moja, usimwonyeshe kwenye simu maana pale anakuza kwa vidole na dukani hawezi kukuza. Jina la bidhaa acha, ila maneno "unga wa lishe" yafunike kwanza, la sivyo atakusomea tu. Na dizaini zako usiziite A, B na C, watu tumesoma shule, A ni maksi nzuri, ziite K, M na T. Mama wa kwanza aanze na ya jani, wa pili aanze na bakuli, uzungushe hivyo, kwa sababu anayoiona mwanzo ndo inakuwa kipimo cha zingine.

Salamu kwanza, halafu mwambie tu "mama, kuna mfuko hapa naomba uutazame kidogo". Usiseme umechora wewe. Ukisema, ataona aibu kukuvunja moyo, atakwambia nzuri mwanangu, hongera, na hapo hujapata kitu. Mwonyeshe kama sekunde tano, ficha, uliza "umeona nini?" halafu "unadhani ndani kuna nini?" Basi, nyamaza. Kimya kinauma lakini usikijaze wewe. Maswali kama "si inavutia eeh?" au "hili jani si linakukumbusha afya?" usiyaguse, hilo la pili umeshampa jibu mdomoni. Akikuuliza "kwani hii ni nini?" mrudishie, "wewe unaonaje mama?" Ukitaka sababu uliza "kitu gani kimekufanya useme hivyo?" maana ukimwuliza "kwa nini" anaona kama anahojiwa anaanza kujitetea. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyanyooshe.

Kwenye ile ya jani mama mmoja alisema "dawa ya mitishamba hii", mwingine akasema "sio mbolea?" na waliotaja chakula walikuwa wachache. Bakuli walisema uji, au chai, wengine supu. Ya herufi hawakujua ila jina walilikumbuka vizuri.

Kurudi kwa bosi usiende na asilimia, watu nane au kumi hawatoshi kusema ipi inapendwa zaidi, wanatosha kuonyesha wapi watu wanapotea. Kabla hamjaanza kuongea gawa vikaratasi, kila mtu aandike anachoona kwenye majibu yale, na bosi mwombe kwa heshima azungumze wa mwisho. Halafu soma yale maneno ya wamama kwa sauti. Ukisema "mimi naona jani halifai" ni ubishi wa watu wawili, ila "sio mbolea?" ya mtu anayenunulia mwanae uji, hiyo hata bosi anakaa anafikiria.

Jani halikutupwa, lilihamia nyuma ya mfuko karibu na orodha ya nafaka, bakuli likakaa mbele na tukalirekebisha lisifanane na la supu. Tulivyorudi kulipima tena tulitafuta wamama wengine, maana yule wa mwanzo ameshajua ni uji, hawezi kukwambia tena anaona nini kwa mara ya kwanza.