Mawe mengi hayakupanda juu

Swali la wiki: "Wamisri wa kale waliinuaje mawe ya piramidi ilhali hawakuwa na winchi wala kreni?"

Mengi hawakuyainua sana. Piramidi ya Khufu pale Giza, iliyojengwa yapata mwaka 2560 KK, ilikuwa na kimo cha mita 146. Piga hesabu ya ujazo wake: theluthi ya chini, yaani mita 49 za kwanza, imebeba asilimia 70 ya mawe yote. Kwa hiyo tuta la mwinuko la kimo cha wastani lilitosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Wanaochora tuta moja lililonyooka hadi kileleni wanasahau kwamba lenyewe lingekula vifusi karibu sawa na piramidi.

Chukua jiwe la tani 2.5 juu ya sleji ya mbao, yaani jukwaa la kuburuta lisilo na magurudumu, kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10. Mwinuko peke yake unadai nguvu ya kilo 250. Msuguano, njia ikiwa imelowa, unaongeza kama 750. Wanaume 20 wanaovuta kwa kilo 50 kila mmoja wanalipandisha. Njia ikikauka hesabu inaharibika, kwani majaribio yaliyofanywa Amsterdam yalionyesha kuwa mchanga uliolowa kwa kiasi hupunguza nguvu ya kuvuta karibu nusu. Ukizidisha maji nao unakuwa tope. Ndiyo maana mchoro wa kaburi la Djehutihotep, wa karne nyingi baadaye, unaonyesha mtu amesimama juu ya sleji, sehemu ya mbele, akimwaga maji.

Nyenzo, yaani miti mirefu ya kubetulia mizigo, zilifanya kazi ya mwisho: kuinua upande mmoja wa jiwe, kuchomeka gogo, kuhamia upande wa pili, kisha kulisukuma mahali pake. Ni kazi ya polepole, na inahitaji nafasi ya kusimama, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema piramidi nzima ilipandishwa kwa nyenzo.

Kwangu mimi, ugumu hasa ulikuwa kulisha watu na kuleta mawe kwa wakati. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana mafunjo ya Merer, msimamizi wa kikosi cha watu wapatao 40. Aliandika siku kwa siku jinsi walivyopakia mawe meupe ya chokaa ya kufunika piramidi kwa nje kutoka Tura na kuvuka nayo kwa mashua hadi Giza, safari mbili au tatu kila siku kumi. Walifanya hivyo Naili ilipofurika, maji yakiwa yamejaa mifereji hadi karibu na eneo la ujenzi, na wakulima wakiwa hawana shamba la kulima. Maji yakipungua, mashua nzito hazikuweza tena kusogea karibu hivyo. Mawe ya ndani hayakungoja msimu, maana yalichongwa papo hapo Giza, mita mia chache tu kusini ya piramidi.

Msomaji, mwalimu wa hisabati, Morogoro