Shilingi 180,000 nilizozipoteza kwa siku tatu

Juzi dada mmoja wa Njombe amenitumia picha ya karatasi ya bukingi. Wako wanane, wanakwenda Ruaha, wanafika lojini 14 Juni, na wawili wameanza kusuasua. Anauliza: "Dada, wakijitoa tutarudishiwa hela?" Nikacheka kidogo, halafu nikanyamaza, maana swali hilo mimi nililiuliza nikiwa nimeshachelewa.

Mwaka ule tulikuwa sita, wanawake wa kikoba chetu hapa Mbeya. Tulitaka Nane Nane, iliyoangukia Jumamosi, tuikimbie kelele ya Uyole, tulale usiku mbili Tungamalenga, nje kidogo ya hifadhi. Mratibu nilikuwa mimi, na nilijiona najua. Karatasi ilisema 180,000 kwa usiku, PPS, HB. Nikaisoma kama bei ya chumba. Kumbe PPS ni bei ya kila mtu akilala na mwenzake chumbani, na HB ni kifungua kinywa na chakula cha usiku tu. Nilipowaambia wenzangu kwamba hesabu si 1,080,000 bali 2,160,000, kuna aliyenitazama kama nimeila hiyo tofauti. Chakula cha mchana, vinywaji, gari la kuingilia mbugani na kiingilio cha hifadhi vyote vilikuwa juu yetu. Viliandikwa chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, penye orodha ya visivyomo. Siku hizi naanzia huko chini, ndipo napanda kwenye bei.

Tulilipa advansi ya asilimia 30, yaani 648,000, na iliyobaki tukaimaliza mwezi mmoja kabla ya safari. Hapo nikalala usingizi.

Ijumaa ya 24 Julai jioni, mmoja wetu akanipigia: mama mkwe kalazwa, haendi tena. Nikasema ngoja, labda Jumatatu atabadili mawazo. Jumatatu hakubadili, nikawaandikia loji. Sasa sikiliza. Masharti yao yalikuwa hivi: ukighairi zaidi ya siku 30 kabla ya kufika, unapoteza advansi tu; kati ya siku 30 na 15, unakatwa nusu ya gharama yote; siku 14 kushuka chini, hupati kitu. Na siku zinahesabiwa tangu wao walipopokea taarifa yako kwa maandishi, si tangu mkwe alipolazwa. Ijumaa ile zilikuwa zimebaki siku 15. Jumatatu zilibaki 12. Sehemu ya mwenzetu ilikuwa 360,000. Ijumaa angerudishiwa 180,000, Jumatatu hakurudishiwa hata nauli ya bajaji. Kosa lilikuwa langu, na yeye hajawahi kunisema. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Halafu loji ikaongeza ankara nyingine: 144,000. Eti aliyekuwa alale naye sasa yuko peke yake chumbani, kwa hiyo analipa nyongeza ya kulala peke yake, asilimia 40 kwa kila usiku. Hapo nilikataa. Nyongeza ile ipo kufidia kitanda kisicholipiwa, na kitanda hiki tulishakilipia chote. Huwezi kuuza kitanda kimoja mara mbili. Niliandika hivyo hivyo, kwa adabu, nikiambatanisha risiti na ukurasa wa masharti. Siku mbili baadaye wakaifuta. Nakiri nilitembea kifua mbele hadi Mwanjelwa.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nikalikuta mwenyewe kwenye masharti baada ya safari: kubadilisha jina kulikuwa bure hadi siku tatu kabla ya kufika. Ningemtafuta mtu wa kushika nafasi, hata mdogo wake, 360,000 isingeenda popote. Mimi nilikimbilia neno "kughairi", na neno hilo ndilo linalowasha hesabu ya makato. Ndugu zangu, msiliandike kabla hamjauliza kama jina linabadilishwa. Na mkiona "asilimia 50", ulizeni ya nini, ya advansi au ya gharama yote, kwa sababu ziko mbali sana.

Dada wa Njombe, karatasi yako nimeikuza hadi nikaisoma. Masharti yako ni kama yale yetu, ila mstari wa majina haumo. Leo ni 11 Mei. Siku ya 30 kabla ya kufika kwenu ni 15 Mei, na wao wanasema "zaidi ya siku 30", kwa hiyo mwisho wako ni tarehe 14. Wabane hao wawili usiku huu huu. Kesho asubuhi uliza habari ya majina kwa barua pepe, si kwa simu, na wakikaa kimya hadi mchana wa tarehe 14, ghairi hizo nafasi mbili tu, uwataje kwa majina, ili wasije wakafuta bukingi nzima.