Ukungu mweupe kwenye mlango wa kioo bafuni

"Kioo cha bafu kina ukungu mweupe. Nasugua kwa sabuni ya kipande, kikikauka tu unarudi. Nifanyeje?"

Hiyo sabuni ya kipande ndiyo inayokuongezea kazi, ndugu yangu. Utando huo ni sabuni iliyoshikana na chokaa ya maji magumu, na chokaa dawa yake ni asidi. Pasha kikombe cha siki nyeupe iwe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ukipulizia tu itatiririka chini kabla haijafanya kazi. Lowesha vitambaa, uvibandike kwenye kioo kwa nusu saa. Sugua kwa sponji laini, suuza, kisha kausha kabisa, maana kioo kibichi hudanganya.

Pakibaki mabaka, pitisha ukucha. Ukihisi mkwaruzo, chokaa bado ipo, rudia. Pakiwa laini kabisa, huenda kioo chenyewe kimelika, na hapo siki haisaidii.

Siki isiguse jiwe la marumaru. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, hutoa gesi ya sumu. Baada ya kuoga, futa kioo kwa mpira wa kufutia madirisha.