Alfa ya 0.82 inatosha kuamini dodoso?

Swali: Nimepewa ripoti ya utafiti na nimeombwa niseme kama dodoso lake linafaa kutumika tena. Lina maswali 20: kumi ya uchovu wa kazi na kumi ya imani kwa msimamizi, yote ya kujibu kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Wameandika hivi tu: "Dodoso lilijaribiwa kwa watu 30, alfa ya Cronbach ilikuwa 0.82, na lilitafsiriwa katika lugha tatu za wenyeji kwa njia ya tafsiri ya kurudi." Data ya utafiti wenyewe wako tayari kunipa. Nianzie wapi kukagua?

Jibu: Anzia kwenye hiyo 0.82, ndugu, kwa sababu ndiyo inayowatuliza wasomaji wengi, na kwa jinsi ilivyoripotiwa haikuambii chochote.

Alfa hupima kama maswali ya kundi moja yanakwenda pamoja, yaani anayepata alama ya juu kwenye swali moja huelekea kupata ya juu kwenye mengine. Inategemea mambo mawili: wastani wa uhusiano kati ya maswali, na idadi ya maswali. Ukiyaweka maswali yote kwenye mizani moja, kanuni yake ni hii, ambapo `k` ni idadi ya maswali na `r` ni wastani wa uhusiano kati ya kila jozi:

```
alfa = k*r / (1 + (k-1)*r)
```

Sasa tuchukue dodoso lako. Tuseme maswali kumi ya uchovu yanahusiana kwa wastani wa 0.4, na kumi ya imani vilevile. Alfa ya kila sehemu peke yake itakuwa 4 kugawanya kwa 4.6, yaani 0.87. Nzuri. Kisha tuseme uchovu na imani havina uhusiano wowote, uhusiano wao ni sifuri kamili. Maswali 20 yana jozi 190. Jozi 90 tu ndizo za ndani ya sehemu moja, na hizo zina 0.4, mia moja zilizobaki zina sifuri. Wastani wa jumla unakuwa 0.189. Ukiuingiza kwenye kanuni pamoja na `k` ya 20, unapata 0.82.

Umeona? Mambo mawili yasiyojuana kabisa yamerundikwa pamoja na alfa imetoka 0.82. Kwa hiyo nambari moja ya dodoso zima haithibitishi kwamba linapima kitu kimoja, wala haithibitishi kwamba kila sehemu iko sawa. Sehemu moja inaweza kuwa imara, nyingine mbovu, na jumla ikapendeza. Ripoti iliyofanywa vizuri hutoa alfa ya kila sehemu, na katika hesabu hiyo huacha nje kabisa umri, jinsia, elimu na miaka ya kazi. Nimekwisha kuona alfa iliyokokotolewa ikiwa na umri wa mhojiwa ndani yake, kwa sababu tu mtu aliteua safu zote za jedwali.

Halafu kuna wale watu 30. Si wachache mno kwa majaribio, ila inategemea walitumika kwa kazi gani. Kwa kukadiria alfa ni wachache: sehemu ya maswali kumi ikitoa 0.75 kwa watu 30, mipaka yake ya asilimia 95 inaanzia karibu 0.6 hadi 0.86. Humo ndani mna kipimo kibovu na kipimo kizuri. Na kama hao 30 waligawanywa katika lugha tatu, kila lugha ilipata watu kama kumi, jambo ambalo kwa hesabu ya alfa ni sawa na kutokuwa na kitu. Ndiyo maana hiyo data ya utafiti wenyewe ina thamani kwako kuliko alfa ya majaribio.

Watu 30 wanafaa sana kwa kazi nyingine, ambayo ndiyo hasa kazi ya majaribio ya awali: kukaa na mhojiwa, kumsomea swali, kisha kumwambia alieleze kwa maneno yake mwenyewe na aseme kwa nini amechagua 2 na si 4. Hapo ndipo unapogundua kwamba "msimamizi" kwa mmoja ni kiongozi wa zamu na kwa mwingine ni mwenye kampuni. Kwa hiyo waulize watafiti swali moja fupi: baada ya majaribio, mlibadilisha nini? Jibu zuri huwa na vitu vya kushika, kama swali lililofutwa, neno lililobadilishwa, au maelekezo yaliyorefushwa. Wakisema hawakubadilisha chochote, katika maswali 20 na lugha tatu, mimi huchukulia kwamba walihesabu dakika za kujaza fomu basi. Uliza pia kama wale 30 waliingizwa tena kwenye sampuli kuu. Hawakupaswa, maana maswali walikwisha kuyaona.

Sasa tafsiri, ambako ndiko uchunguzi wako utakakozaa matunda zaidi.

Tafsiri ya kurudi ni hivi: mtu mmoja anatafsiri dodoso kwenda lugha ya wenyeji, mwingine ambaye hajaona la asili analirudisha, kisha maandishi mawili yanalinganishwa. Njia hii hukamata swali lililorukwa na maana iliyogeuzwa. Haikamati tafsiri ya neno kwa neno. Sentensi iliyofuata muundo wa lugha ya asili kama kivuli hurudi ikiwa safi kabisa, kwa sababu mtafsiri wa pili anazijua lugha zote mbili na anatambua ilikotoka. Mhojiwa anayejua moja tu ndiye atakayekwama. Isitoshe, wahojiwa wengi husomewa dodoso, hawalisomi wenyewe. Uliza kama wahoji walikuwa na tafsiri iliyochapwa mkononi, au walitafsiri papo hapo wakiwa mlangoni kwa mtu. Kama walifanya la pili, kila mhoji alikuwa na dodoso lake, na tafsiri ya kurudi iliyotajwa kwenye ripoti ilihusu karatasi iliyobaki ofisini.

Ukishaipata data, pima kila sehemu katika kila lugha peke yake. Kwenye R, kifurushi cha `psych` kinatosha. Hapa `d` ni jedwali la data, `lugha` ni safu inayotaja lugha ya kila mhojiwa, na `imani` ni orodha ya majina ya safu kumi za sehemu ya pili:

```r
library(psych)
for (l in unique(d$lugha))
  print(psych::alpha(d[d$lugha == l, imani]))
```

Angalia `raw_alpha` kwanza, kisha safu ya `r.drop`, inayoonyesha uhusiano wa kila swali na jumla ya yale mengine. Kwenye SPSS safu hiyo huitwa `Corrected Item-Total Correlation`.

Tuseme sehemu ya imani inakupa 0.86 katika lugha ya kwanza, 0.84 katika ya pili, na 0.58 katika ya tatu. Unashuka kwenye `r.drop` na kukuta swali la 7, "Msimamizi wangu hanifichi mambo yanayonihusu", lina 0.45 katika lugha mbili za kwanza na −0.21 katika ya tatu. Alama ya kutoa maana yake ni kwamba katika lugha hiyo, wenye imani kubwa kwenye maswali mengine wanaelekea kujibu swali hili kama watu wasio na imani.

Kabla hujamlaumu mtafsiri, tofautisha sababu mbili. Kama alama ya kutoa ingeonekana katika lugha zote tatu, ningeshuku usimbaji: labda kuna mtu aliona "hani-" akadhani swali ni la kinyume, akageuza alama zake kwenye faili zima. Hilo hurekebishwa kwa mstari mmoja, kwa kutoa kila jibu kwenye 6. Hapa lakini ni lugha moja tu, na usimbaji hauchagui lugha, isipokuwa kama kila lugha iliingizwa kwenye faili lake na mtu wake. Hakikisha hilo kwanza. Likiwa halipo, mzizi uko kwenye maneno. Sentensi yenye ukanushi ikikutana na "sikubali" inamtaka mhojiwa akanushe ukanushi, na katika lugha nyingine mtu hupotea njiani. Ukanushi ukiwa umebebwa na silabi moja fupi, mhojiwa anayesikiliza tu anaweza hata asiusikie. Tafsiri ya kurudi isingeliona tatizo hilo, maana kwenye karatasi ukanushi upo.

Usijaribu kuokoa swali hilo kwa kugeuza alama za lugha ya tatu. Baadhi ya watu walilielewa na wengine hawakulielewa, na ukigeuza unawaharibia walioelewa. Kama unataka kulinganisha makundi ya lugha, liondoe katika lugha zote tatu na utumie maswali tisa yaliyobaki. Kisha hesabu upya alfa ya lugha ya tatu. Ikipanda hadi karibu na zile nyingine, tatizo lilikuwa swali moja. Ikibaki chini ya 0.7, kiwango ambacho wengi hukitumia kama sakafu, sehemu nzima haijasimama katika lugha hiyo.

Kuna kasoro nyingine ambayo alfa haiioni kabisa, nayo ni chaguzi za majibu. Tengeneza jedwali la idadi ya waliochagua 1, 2, 3, 4 na 5 kwa kila lugha. Ukikuta lugha moja ina 1 na 5 tele huku 2 na 4 zikiwa karibu tupu, kwenye maswali yote, huenda "nakubali" na "nakubali kabisa" zilitafsiriwa kwa maneno ambayo wahojiwa hawaoni tofauti yake. Angalia pia kama hali hiyo inamfuata mhoji badala ya lugha, kwa sababu wapo wahoji wanaouliza "ndiyo au hapana?" kisha wakajaza wenyewe. Kasoro hii inaweza hata kupandisha alfa, maana majibu ya kupindukia huvutana pamoja.

Wastani wa makundi ya lugha usiulinganishe bado, hata alfa zikipendeza zote. Alfa sawa haimaanishi kwamba alama ya 3.5 ina uzito uleule katika lugha mbili. Hilo lina uchanganuzi wake, uitwao kwa Kiingereza measurement invariance, na unahitaji watu mia kadhaa kwa kila lugha. Kama wanao, waombe waufanye. Kama hawana, andika kwenye maoni yako kwamba dodoso linaweza kutumika ndani ya kila lugha iliyopita ukaguzi, na kwamba majedwali yanayosema kundi hili la lugha lina imani zaidi kuliko lile hayana msingi. Ikiwa lugha ya tatu imebaki kama katika mfano wangu, taja kwa jina kinachotakiwa: swali la 7 liandikwe upya bila ukanushi katika lugha zote tatu, na lijaribiwe kwa watu wanaozungumza lugha hiyo ya tatu tu, wakiulizwa wamelielewaje, kabla fomu nyingine yoyote haijachapwa.